Stoo imejaa paketi na bado oda zinanipita. Nipaki mapema ama ningoje oda?

BintKibokoni

Asalaam aleykum nyote. Mie nasaga na kupaki viungo hapa Mombasa, huu mwaka wa nne. Nina aina tano: pilau masala, biriani masala, bizari ya manjano, pilipili ya unga na mdalasini. Kila aina napaki gramu 50, gramu 100, gramu 250 na kilo, kwa hivo kwenye shelfu ni vitu 20 tofauti. Mazoea yangu ni kusaga Jumatatu na Jumanne, alafu tunapaki mpaka unga uishe, tunaweka stoo, tunangoja wateja.

Alhamisi iliyopita hoteli moja ya Nyali ikapiga simu yataka kilo 30 za pilau masala, paketi za kilo kilo, kesho yake asubuhi. Stoo nina pilau masala zaidi ya kilo 200, naiona kwa macho yangu, lakini karibu yote nshaipaki gramu 50. Za kilo zilikuwa 7 tu. Basi tukakaa chini mie na wasichana wawili na mikasi, tukafungua paketi 460 moja moja, tunamwaga kwenye beseni, tunapaki upya. Mpaka saa nne usiku. Pauchi 460 zimeenda na maji, moja nainunua shilingi 5 ikiwa imeshachapwa, na mkono wa wale wasichana nimeulipa mara mbili kwa mzigo ule ule. Na harufu jamani, ukifungua masala ukaimwaga ukaichota tena, hata pua yakwambia kuna kitu kimepotea.

Jumamosi duka la Kongowea wataka gramu 100, sina hata moja. Nikawakosa.

Nawauliza wenye kujua: niache kupaki mapema kabisa niwe napaki kwa oda? Ama niongeze stoki ya kila saizi? Pesa zangu zote ziko kwenye zile paketi.

Likoni001

Dada jibu ni rahisi, stoki ni pesa iliyolala. Acha kutengeneza kabla hujaitwa. Kila kitu oda, oda haijaingia mashini isiwake. Wajapani wa magari ndo wamefanya hivo wakawapita wote. Stoo ikiwa tupu ndo biashara iko sawa.

SeremalaMtwapa

Naunga mkono. Mie vitanda na makabati natengeneza kwa oda tu, na sianzi mpaka mteja atoe nusu. Mwaka juzi nilitengeneza makochi seti tatu nikayaweka barabarani, mvua ya mwezi wa tano ikayanyeshea, kitambaa kikaota ukungu, nikauza kwa bei ya mbao. Chukua deposit dada, mteja asikuyumbishe.

BintKibokoni

Shukran kaka, lakini shida yangu si malipo, hao hoteli hulipa. Na duka la mtaani siwezi kuliomba deposit ya paketi 20 za pilipili. Akikuta sina, anampigia mwengine pale pale.

FundiStoo_Changamwe

Binti nimesoma mara mbili. Nimefanya kazi ya stoo viwandani miaka 19, sehemu kubwa kwenye vitu vya kupakiwa, na hii yako naijua. Wacha nikwambie nilichokiona kwenye hadithi yako kabla hatujaenda mbali: hukukosa masala. Kilo 200 ulikuwa nazo na mteja alitaka 30. Ulichokosa ni masala ambayo bado haijaamuliwa iwe saizi gani. Kosa lilitokea ile Jumanne, pale unga ulipoingia kwenye pauchi ya gramu 50, kwa sababu kuanzia hapo mzigo umeshachagua mteja wake na wewe huna njia ya kurudi ila mkasi.

Ndugu Likoni001 ana nusu ya haki. Pesa imelala ni kweli. Lakini ukingoja oda ndo uende Marikiti ununue iliki na bizari nyembamba, uanike, usage, uchanganye, upaki, mteja wa duka atakuwa ameshakusahau. Na hao Wajapani hawana stoo tupu, wana stoki ndogo ndogo imewekwa mahali maalum kati ya hatua na hatua, na inahesabiwa. Suala si stoki iwepo ama isiwepo. Suala ni isimame hatua ipi.

Wewe mzigo wako una vituo vitatu: viungo vizima, unga kwenye ndoo, na paketi. Chukua kila mteja umuulize maswali mawili. Yeye yuko tayari kungoja muda gani? Na wewe kutoka kituo hiki mpaka mlangoni kwake wachukua muda gani? Mzigo unausimamisha kwenye kituo cha nyuma kabisa ambacho bado chakufikisha kabla subira yake haijaisha. Nijibu: duka angoja muda gani, supamaketi muda gani, hoteli muda gani? Na wasichana wako wawili wanapaki paketi ngapi kwa saa?

ShangaziBuibui

Haya mambo nayafanya na sikujua kama yana elimu yake! Mabuibui yangu yote nashona mwili, mikono naiacha haina tarizi na chini siupindi. Yananing'inia hivo. Mteja akija anachagua tarizi, namsimamisha kwenye kigoda napima urefu, kesho anachukua. Zamani nilikuwa namaliza kila kitu kwa urefu sita, kila siku anakuja mtu ambaye urefu wake haupo, huku yale marefu sana yananing'inia hadi Idi ya pili.

FundiStoo_Changamwe

Shangazi ndo hiyo hiyo. Na nenda hadwea yoyote ya rangi pale mjini, zamani walijaza makopo ya kila rangi mpaka darini. Sasa wana makopo meupe saizi tatu nne na mashini ya kutia rangi, mteja aonyesha kipande, anatiliwa na kutikiswa mbele yake. HP nao mwanzo wa miaka ya 90, printa za kwenda Ulaya walikuwa wanazitoa kiwandani kila moja na nchi yake, plagi yake na kitabu cha lugha yake. Nchi moja zinajaa, ya pili hakuna. Wakaamua printa ije tupu, plagi na kitabu vitiwe huko huko kwenye stoo ya Ulaya baada ya oda kuonekana.

BintKibokoni

Nimewapigia wateja simu na jana nimekaa na saa mkononi. Duka hangoji, kijana wangu wa tuktuk akifika na hana, ndo basi. Supamaketi wanatoa oda siku mbili kabla. Hoteli wamenishangaza, nilidhani wote ni wa kesho kesho, kumbe meneja wao wa manunuzi asema wao hupanga menyu ya wiki nzima, ile Alhamisi ilikuwa wamesahau. Naweza kupata siku tatu.

Kupaki kwa watu wawili, mmoja kwenye mizani na mmoja kwenye mashini ya kusili: gramu 50 zatoka paketi 300 kwa saa, gramu 100 ni 240, gramu 250 ni 180, za kilo ni 60.

FundiStoo_Changamwe

Safi, sasa tuna kitu cha kuongea. Angalia: gramu 50 paketi 300 ni kilo 15 kwa saa. Za kilo ni kilo 60 kwa saa. Ile oda ya Nyali ya kilo 30, ungekuwa na unga kwenye ndoo, ni nusu saa ya kazi. Nusu saa, na nyinyi mlikesha na mikasi.

Sasa akiba. Nipe mauzo ya pilau masala ya wiki 12 kwa kila saizi, uweke kwa kilo usiweke kwa paketi. Na zile wiki ulizokosa mzigo, andika walichoomba, si ulichouza, maanake ukiandika ulichouza saizi uliyokuwa huna itaonekana haina wateja.

BintKibokoni

Wastani wa wiki kwa pilau masala: gramu 50 kilo 40, gramu 100 kilo 50, gramu 250 kilo 30, za kilo kilo 30. Jumla 150. Kijana wangu ameweka kwenye kompyuta akatoa na ile STDEV, ikaja 15, 20, 12 na 16.

FundiStoo_Changamwe

Hizo namba za mwisho ndo mtikisiko, yaani kila saizi yapanda na kushuka kiasi gani kutoka kwenye wastani wake. Akiba unayoweka juu ya wastani yategemea mtikisiko, na tuseme wataka katika wiki 20 ukose moja tu, unazidisha kwa 1.65.

Ukipaki kila kitu mapema, kila saizi lazima iwe na mto wake peke yake, kwa sababu gramu 50 haiwezi kumsaidia anayetaka kilo. 15 na 20 na 12 na 16 ni 63, mara 1.65 wapata kilo 104 za akiba, zimegawanywa mafungu manne.

Ukiuacha unga kwenye ndoo, wiki ambayo hoteli zimepanda pengine maduka yameshuka, na ndoo ni ile ile. Hapo mitikisiko haijumlishwi moja kwa moja, kila mmoja unauzidisha kwa wenyewe, unajumlisha, alafu unatoa kipeo cha pili. Mwambie kijana aandike hivi, kama zile namba nne ziko B2 mpaka B5:

```
=1.65*SQRT(SUMSQ(B2:B5))
```

Itakuja 53 kama hivi. Wateja wale wale, uhakika ule ule, na akiba nusu. Na hiyo ni pilau masala peke yake, bado aina nne.

Likoni001

Sasa si ndo nilisema stoki ipungue? Kama ndoo yatosha basi paketi zote ziishe, hata hizo za duka.

FundiStoo_Changamwe

Hapana ndugu, tuktuk ikiondoka saa mbili asubuhi haiwezi kurudi kupaki. Za duka, yaani gramu 50 na kiasi cha gramu 100, apaki mapema lakini mzigo wa siku mbili tatu tu, unajazwa kila ukishuka. Gramu 250 na zile gramu 100 za supamaketi zingoje oda, siku mbili zatosha kabisa. Za kilo zingoje pia, na kwa siku tatu za hoteli anaweza hata kuacha viungo vizima akasaga oda ikiingia. Faida yake ya pili ni harufu, kiungo kizima chakaa miezi mingi kimefunga mafuta yake ndani, kikishasagwa yanaanza kutoroka siku hiyo hiyo. Hoteli itaijua tofauti.

Lakini binti kuna jambo mie ndo linanitia wasiwasi zaidi, nalo ni Ramadhani. Ile hesabu ya 53 yasimama juu ya kitu kimoja, kwamba saizi hazipandi pamoja. Ikikaribia Ramadhani zote zapanda pamoja, duka, supamaketi, hoteli, na kila nyumba yataka pilau. Hapo ndoo haina wa kumnyang'anya mmoja ikampa mwengine, utarudi kwenye 104 na zaidi. Kingine ni mikono: kwa wiki ya kawaida pilau masala yote ni saa sita hivi za kupaki. Oda zikija mara tatu ni 18, na ukiweka aina zote tano na zote zataka siku ile ile, mashini moja ya kusili haitoshi hata ukilala nayo. Kwa hivo wiki tatu za kabla ya mwezi mtukufu wewe rudi kwenye mtindo wako wa zamani, paki mapema, tena uanze na gramu 50 kwa sababu ndo inakula saa nyingi na ndo una uhakika itauzwa. Za kilo ziache mwisho, zaenda haraka.

MwanaSokoni

Mimi napaki karanga na ubuyu Kisauni. Mmesahau pauchi. Dada umesema umechapisha, si ndiyo? Ukichapisha kule Nairobi wanakupa chini kabisa maelfu kwa kila aina na kila saizi. Vitu 20 mara maelfu. Unaweza kupunguza paketi zilizojaa na bado stoo imejaa plastiki yenye jina.

BintKibokoni

Wallahi umenigusa. Nina katoni za pauchi za mdalasini gramu 250 ambazo kwa mwendo huu zitanichukua miaka miwili.

FundiStoo_Changamwe

MwanaSokoni amesema kweli na mie nilikuwa nimepitiwa. Dawa ni ile ile: pauchi ichapwe jina la biashara tu, saizi nne, na jina la kiungo lije kwa stika siku ya kupaki. Kutoka pauchi aina 20 unabaki na nne na roli tano za stika.

MwanaSokoni

Kwa stika angalia, mimi zilinibanduka. Hewa yetu ina unyevu na unga wa viungo una mafuta, kidole cha mpakiaji kikigusa pauchi pale stika inakaa, kesho imejikunja. Sasa tunabandika pauchi ikiwa tupu, kabla ya kujaza, meza nyingine kabisa. Na usiende na pauchi ya kuona ndani pande zote, pilipili na bizari zikikaa kwenye mwanga wa dirisha la duka zinapauka, wateja wanadhani ni ya zamani.

BintKibokoni

Na tarehe je? Nikisaga Jumatatu nikapaki Ijumaa ya wiki ya pili, kwenye paketi niandike ya kusaga ama ya kupaki?

Likoni001

Ya kupaki. Ndo siku bidhaa imekamilika.

FundiStoo_Changamwe

Mie sikubali. Unga umeanza kuzeeka siku ya kusagwa, pauchi haijui. Nilikofanya kazi tulihesabu mwisho wa matumizi kutoka kusaga, na kila ndoo ilikuwa na kadi yake: tarehe, aina, namba ya mkupuo, nani amesaga. Namba ile ndo inaenda kwenye paketi. Na ndoo ya Jumatatu haichanganywi na ya Jumatatu ya pili hata zikibaki vijiko viwili, maana siku mteja akilalamika hutajua ni mzigo gani. Zile paketi 460 zako za mikasi, zilikuwa za mkupuo mmoja?

BintKibokoni

Sidhani. Zilikuwa za wiki mbili tofauti.

MwanaSokoni

Kwa tarehe bora uwaulize KEBS wenyewe wakikuja kuangalia, mimi niliambiwa kupaki, mwenzangu wa chai akaambiwa kitu kingine. Hapa tutabishana mpaka kesho.

BintKibokoni

*(wiki tatu baadaye)*

Narudi kuwapa habari. Nimenunua ndoo sita za chakula zenye kifuniko cha kukaza, ndani natia mfuko mzito alafu nafunga shingo. Kila moja ina kadi. Paketi za gramu 50 nimeacha zipungue mpaka zikafika mzigo wa siku tatu, ndo tukaanza kujaza. Hoteli ile ile wamechukua kilo 25 za pilau masala, walitoa oda Jumatatu kwa Alhamisi, tukasaga Jumatano jioni. Mpishi wao alinipigia mwenyewe kuuliza nimebadilisha nini.

Nimekosa oda moja, gramu 100 za pilipili, kwa sababu tulikuwa tunapaki bizari na mashini ya kujazia ilibidi ioshwe na kukauka kabla ya kubadilisha. Karibu saa nzima yaenda hapo. Hiyo hatukuihesabu.

Na ndoo moja ya biriani masala imeshika mabonge juu. Kifuniko kilikuwa kimefungwa.

FundiStoo_Changamwe

Hiyo saa ya kuosha ndo sababu usibadilishe aina kila oda ikiingia. Kusanya oda za asubuhi, anza na zenye rangi na ukali mdogo, mdalasini kwanza, masala katikati, alafu bizari, pilipili mwisho kabisa wa siku, unaosha mara moja tu jioni na usiku yakauka.

Mabonge: uliutia unga ukiwa bado wa moto kutoka kwa mashini? Ukifunga unga wenye joto, mvuke wapanda, wagonga kifuniko, warudi juu ya unga. Utandaze kwenye sinia upoe ndo ufunge, lakini usiuache wazi usiku kucha kwa hewa hii. Ile ndoo usiipaki kwanza. Vunja bonge moja uangalie katikati kama kuna harufu ya uvundo.

BintKibokoni

Ndiyo, ulikuwa wa moto, tulikuwa na haraka ya Jumatano. Naenda kuvunja bonge sasa hivi.